Presha iko juu na kila kliniki unaambiwa "endelea na dawa zilezile": mwongozo kamili wa kuomba tiba yako ipitiwe upya

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ya siku nyingi ni meza ya kupimia presha. Nikifungua daftari la mgonjwa, mara nyingi nakuta ukurasa wa aina moja. 156/94, endelea. 158/92, endelea. 152/96, endelea. 160/94, endelea. Mgonjwa hajakosa hata tarehe moja. Nauli ametoa, foleni amekaa, dawa amechukua, na presha iko palepale ilipokuwa mwaka jana.

Hali hiyo naiita tiba kukwama. Maana yake ni kwamba presha imezidi lengo, nafasi ya kuongeza au kubadilisha dawa ipo, lakini mgonjwa anatoka bila kitu kubadilishwa na bila sababu ya kusubiri kuandikwa. Si kwamba dawa zimeshindwa. Zilikuwa bado hazijatumika zote.

Wanaoniuliza juu ya jambo hili karibu wote hukwama mahali pamoja. Wanaingia kwa daktari na lalamiko, "presha yangu haishuki," wanaulizwa maswali mawili wasiyo na majibu yake, wanatoka na cheti kilekile. Hatua zilizo hapa chini zinakupa majibu ya maswali hayo kabla hujaulizwa.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyekwisha kuanza dawa za presha na anahudhuria kliniki. Kama una mimba au unadhani unayo, usiufuate. Nenda kliniki ya wajawazito sasa hivi na useme una presha, kwa sababu baadhi ya dawa zinazotajwa humu hazifai mtoto akiwa tumboni.

## Vitu vya kuandaa

Mashine ya presha ya mkono wa juu. Ile inayofungwa kiwiko kikiwa chini yake, siyo ya kifundo cha mkono. Kabla ya kununua, tafuta jina na namba ya mashine kwenye tovuti ya `stridebp.org`, yenye orodha ya mashine zilizokaguliwa usahihi wake. Mashine moja inatosha familia nzima, au hata nyumba mbili za majirani wanaoelewana.

Futi ya fundi cherehani. Zungushia katikati ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, usome sentimita. Mkanda wa mashine huwa umeandikwa kipimo chake, kwa mfano 22 hadi 32. Mkono wa sentimita 36 ukifungwa mkanda huo, namba itatoka kubwa kuliko presha halisi. Nunua mkanda unaolingana na mkono wako.

Daftari la kliniki au kadi zako zote za nyuma, hata zile zilizochanika.

Dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na maboksi na karatasi zake: za presha, za kisukari, za maumivu, za uzazi wa mpango, za mafua, za mitishamba.

Karatasi moja nyeupe na kalamu. Karatasi hii ndiyo itakayofanya kazi kubwa kuliko vitu vyote hapo juu.

Kama mashine huna na huna namna ya kuazima, omba kupimwa zahanati au duka la dawa lililo karibu, siku tatu au nne tofauti kabla ya kliniki, na uandike tarehe, saa na namba. Si sawa na kupima nyumbani wiki nzima, lakini ni bora mara nyingi kuliko kwenda mikono mitupu.

## Hatua ya 1: Jua lengo lako, kisha hesabu umekwama mara ngapi

Kwa mtu mwenye presha asiye na ugonjwa mwingine, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka presha iwe chini ya 140/90. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye kisukari au ugonjwa sugu wa figo, namba ya juu inatakiwa iwe chini ya 130. Mwongozo huohuo unasema mgonjwa aliyeanza au kubadilishiwa dawa aonwe kila mwezi mpaka afike kwenye lengo. Akishafika, ndipo anaweza kupangiwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita.

Fungua daftari lako. Anza na kliniki ya mwisho urudi nyuma. Kila hudhurio ambalo presha ilizidi lengo lako na dawa haikuguswa, weka alama.

Alama moja si tatizo, inaweza kuwa siku mbaya. Alama mbili mfululizo ni sababu tosha ya kuuliza. Alama tatu na kuendelea, hatua zote zilizobaki zinakuhusu.

*Utajua umefaulu* ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Lengo langu ni chini ya 140/90, na mara nne mfululizo nimekuwa juu yake na dawa ileile."

## Hatua ya 2: Ondoa mambo matatu yanayomfanya daktari asiiamini namba

Hapa ndipo pazito, na hapa ndipo wengi hupoteza mwaka mzima bila kujua.

Daktari akiona 160/94 hafikirii tu "dawa haitoshi." Anajiuliza kwanza: je, namba hii ni ya kweli? Ana dakika chache, nje kuna foleni, na mara nyingi hajawahi kukuona, kwa kuwa aliyekuona mara iliyopita yuko wodini leo. Akipata sababu moja ya kuitilia shaka namba, atasubiri, na kwa mahali alipokaa hajakosea. Lakini mwenzake wa mara ijayo naye ataipata sababu hiyohiyo, naye atasubiri. Kusubiri kwa siku moja kunageuka kuwa miezi kumi na minne.

Jambo la kwanza ni dawa ya asubuhi ya kliniki. Nimeliona hili mpaka linaniuma. Mgonjwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, hali chochote kwa sababu atapimwa sukari, na anaacha dawa ya presha akidhani nayo inaharibu kipimo. Wengine wanaiacha makusudi ili daktari "aone presha yenyewe." Anafika, anapima 164. Daktari anauliza, "Umekunywa dawa leo?" "Bado." "Basi ndiyo maana. Endelea na dawa zilezile." Mlango umefungwa kwa miezi mitatu.

Siku ya kliniki meza dawa ya presha kwa wakati wako wa kawaida, na maji matupu. Maji na kidonge cha presha havikuharibii kipimo cha sukari cha kufunga. Dawa za kisukari ni habari nyingine, kwa hiyo uliza kliniki yako kuhusu hizo. Tunataka daktari aone presha yako *ukiwa na dawa mwilini*, kwa sababu swali ni kama dawa hiyo inatosha.

Jambo la pili ni vidonge vilivyorukwa. Usikadirie, hesabu. Kama ulipewa vidonge 60 vya kumeza kimoja kwa siku, na leo ni siku ya 50, vinatakiwa kubaki 10. Vikibaki 11 au 12, hujambo. Vikibaki 19, umeruka siku tisa, na hilo linahitaji kusemwa.

Lisemwe kama lilivyo, pamoja na sababu yake. "Nimeruka kwa sababu kidonge kinanifanya nikojoe sana nikiwa kwenye daladala" kuna ufumbuzi wake. "Nimeruka kwa sababu dawa iliisha dirishani, na duka la nje ni ghali" kuna ufumbuzi wake pia. Ukinyamaza na kusema "nakunywa vizuri," unaweza kuongezewa dozi usiyoihitaji, halafu siku utakayozimeza zote presha ikashuka ukaanguka bafuni.

Jambo la tatu ni dawa zinazopandisha presha kimyakimya. Za kwanza ni za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake. Hufanya mwili ushike chumvi na maji, na kudhoofisha kazi ya baadhi ya dawa za presha. Zipo nyingine pia: prednisoloni na deksamethasoni, baadhi ya dawa za kuzibua pua wakati wa mafua, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.

Onyo: usiache prednisoloni au dawa nyingine uliyoandikiwa kwa sababu ya kusoma hapa. Ziweke kwenye mfuko, zipeleke, umwachie daktari aamue. Diklofenaki uliyojinunulia mwenyewe kwa ajili ya goti ndiyo unayoweza kuiacha, ukamuuliza mfamasia mbadala wa siku chache.

*Utajua umefaulu* daktari akiuliza "umekunywa leo?", "umeruka?" na "unatumia dawa nyingine?" na ukawa na jibu fupi la kweli kwa kila moja.

## Hatua ya 3: Pima nyumbani siku saba kabla ya kliniki

Panga wiki ya kupima iishe siku moja kabla ya tarehe yako. Kila asubuhi kabla ya kumeza dawa na kabla ya chai, pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Kila jioni fanya hivyohivyo.

Namna ya kukaa ina uzito. Nenda chooni kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha presha. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usipande ngazi. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano kimya. Miguu yote iguse sakafu bila kupishanishwa. Mkono uwe wazi, umelala juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Usizungumze mashine ikiwa inafanya kazi, hata kama mjukuu anakuita.

Andika kila namba inayotoka, ikiwemo usiyoipenda. Kuna watu wanarudia mpaka wapate inayofurahisha na kuandika hiyo tu. Daktari akiona namba zote nzuri nyumbani na 160 kliniki, atasema hofu ya kliniki ndiyo inayokupandisha, na hataongeza dawa. Utakuwa umejifungia mlango mwenyewe.

Siku ya saba ikiisha, futa za siku ya kwanza, kwa kuwa siku hiyo mtu bado anaizoea mashine. Jumlisha zilizobaki, gawanya kwa idadi yake.

Nimchukue mama mmoja wa miaka 58, niliyemtunga kutokana na wengi niliowapima. Ana mwaka na miezi miwili kwenye amlodipini miligramu 5. Namba nne za mwanzo wa makala hii ni zake. Alikuwa akimeza diklofenaki kwa ajili ya goti siku tatu kila wiki, akaiacha wiki mbili kabla ya kuanza kupima. Kwa kila kikao ameweka wastani wa vipimo viwili. Namba za juu, kuanzia siku ya pili, ni hizi:

Asubuhi: 152, 148, 155, 150, 149, 151.
Jioni: 146, 150, 148, 144, 147, 148.

Jumla ni 1788. Gawanya kwa 12, unapata 149. Za chini alizifanyia vivyo hivyo akapata 91. Wastani wake wa nyumbani ni 149/91.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawaambiwi: mpaka wa nyumbani si 140/90. Nyumbani mwili umetulia, kwa hiyo 135/85 ya nyumbani inalingana na 140/90 ya kliniki. Mtu mwenye wastani wa 138/87 nyumbani anadhani amefaulu, na bado hajafika.

Onyo la kutosubiri kliniki: mashine ikionyesha 180 kwenda juu, au namba ya chini 120 kwenda juu, kaa dakika tano upime tena. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, pumzi inakata, mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki, macho yameingia ukungu au kichwa kinauma kupita kiasi, nenda hospitali saa hiyo, usingojee asubuhi. Dalili hizo za mdomo, mkono na maneno zinakupeleka hospitali hata kama presha ni ya kawaida. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, onwa na mtaalamu siku hiyohiyo au kesho yake. Usimeze kidonge cha ziada ili kuishusha kwa haraka.

Na kama mashine inaonyesha alama ya mapigo yasiyo sawa karibu kila unapopima, mwambie daktari. Mapigo yakiwa hivyo namba za mashine haziaminiki sana, na mapigo yenyewe yanahitaji kuchunguzwa.

*Utajua umefaulu* ukiwa na wastani mmoja uliotokana na namba zote, si namba uliyoichagua.

## Hatua ya 4: Andika karatasi moja, siyo mbili

Daktari hana muda wa kusoma daftari lenye namba 28. Akikabidhiwa, atapitisha jicho, aseme "vizuri, endelea kupima," arudishe. Nimeona hivyo vikitokea kwa watu waliojitahidi sana kupima, na inasikitisha. Daftari libaki mkobani kama ushahidi. Mpe karatasi hii, iliyoandikwa kwa herufi kubwa:

Dawa: amlodipini miligramu 5, kila asubuhi, tangu miezi 14 iliyopita. Leo nimemeza saa 12 asubuhi.
Vidonge nilivyoruka mwezi huu: 1.
Kliniki nne zilizopita: 156/94, 158/92, 152/96, 160/94. Dawa haijabadilishwa.
Wastani wa nyumbani, siku 6, mara 2 kwa siku: 149/91.
Dawa nyingine: diklofenaki ya goti, nimeiacha wiki 3 sasa.
Madhara: sina. Nikisimama sipati kizunguzungu.
Swali: je, kwa namba hizi tubadilishe dawa leo, au kuna sababu ya kusubiri?

Mstari wa madhara usiuache. Madaktari wengi husita kuongeza dawa, hasa kwa wazee, kwa kuogopa mgonjwa asije akaanguka. Hofu hiyo ina msingi. Ukimwambia mapema kwamba ukisimama hupati kizunguzungu, au kwamba unakipata, unamsaidia kuamua badala ya kukisia. Anaweza pia kukupima ukiwa umekaa kisha umesimama.

Karatasi hii pia ndiyo kumbukumbu inayohama na wewe kutoka kwa daktari mmoja kwenda kwa mwingine. Kila daktari mpya anaona namba moja ya leo. Wewe peke yako ndiye unayeziona zote nne.

*Utajua umefaulu* mtu asiyekujua akiisoma kwa nusu dakika na kuelewa tatizo lako.

## Hatua ya 5: Toa karatasi kabla ya salamu kuisha

Wakati wa kuitoa ni mwanzo. Ukiitoa daktari akiwa amekwisha kuandika cheti, unamwomba afute alichoandika, na hilo ni gumu kwa mtu yeyote.

Yule mama aliingia hivi. Daktari ni kijana wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo mama. Karibu ukae. Unaendeleaje?"

"Marahaba daktari. Nashukuru Mungu, mwili hauniumi. Ila presha yangu haijafika panapotakiwa, nimekuandikia hapa. Naomba usome kwanza."

Zingatia jibu lake. Kwetu ukiulizwa "unaendeleaje" unajibu "vizuri" hata kama nyumba inaungua. Daktari naye huandika "anaendelea vizuri" na kusonga mbele. Presha nyingi haziumi, kwa hiyo "vizuri" ni kweli, lakini inafuta namba mbele ya macho yake. Yule mama alisema yote mawili, mwili hauumi na presha haijafika.

Daktari alisoma, akatazama mashine ya meza yangu, 158/94, akasema, "Leo umechoka na foleni mama."

"Labda, daktari. Ndiyo maana nikapima nyumbani siku saba nimetulia. Imetoka 149 kwa 91. Tubadilishe kitu leo, au kuna sababu ya kusubiri?"

Swali hilo lijifunze kwa moyo. Halimwambii daktari cha kuandika wala halimlaumu. Linamtaka achague kati ya mambo mawili na aseme kwa nini. Linganisha na "kwa nini dawa hainisaidii?", ambalo jibu lake ni "endelea, itasaidia."

Onyo: usiingie na jina la dawa aliyopewa jirani yako ukidai uandikiwe hiyo. Dawa inayomfaa yeye inaweza kukudhuru wewe kwa sababu ya figo, pumu, mapigo ya moyo au umri. Omba uamuzi, dawa umwachie daktari.

Mabadiliko utakayoyasikia ni ya namna tatu: kuongeza kipimo cha dawa uliyonayo, kuongeza dawa ya pili ya kundi lingine, au kubadilisha dawa isiyokufaa. Usishtuke ukipewa dawa ya pili na kuona kwamba "ugonjwa umezidi." Wagonjwa wengi wa presha wanahitaji dawa mbili au zaidi. Dawa ndogo mbili za makundi tofauti kwa kawaida hushusha zaidi kuliko kuizidisha moja maradufu, na madhara yake mara nyingi huwa madogo. Uliza pia kama zipo pamoja ndani ya kidonge kimoja.

Kama pesa ni tatizo, liseme *kabla* kalamu haijagusa cheti: "Daktari, naomba iwe dawa ninayoweza kuipata dirishani kila mwezi." Dawa nzuri utakayoishia kuinunua mwezi mmoja tu itakurudisha kwenye ukurasa uleule.

## Hatua ya 6: Pima jibu ulilopewa

Si kila "tusubiri" ni tiba kukwama. Daktari yuko sahihi kusubiri kama dawa ilibadilishwa chini ya wiki nne zilizopita, kwa kuwa dawa nyingi huhitaji wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake yote. Yuko sahihi kama wastani wako wa nyumbani uko chini ya 135/85 na ni kliniki tu inayopanda. Yuko sahihi kama umeruka vidonge vingi, kama leo una homa au maumivu makali, au kama presha inaporomoka ukisimama.

Tofauti iko kwenye vitu viwili, sababu na tarehe. "Tusubiri wiki tatu uache diklofenaki kabisa, halafu upime tena" ni mpango. "Endelea tu, tutaona" siyo. Ukipewa la pili, sema kwa upole: "Sawa daktari. Naomba uandike sababu ya kusubiri na namba gani nikirudi nayo tutabadilisha dawa." Kikishaandikwa, daktari wa mara ijayo atakisoma.

Yule mama aliandikiwa kupimwa kreatinini na potasiamu, yaani kazi ya figo na madini ya damu, kisha akaongezewa losatani miligramu 50 juu ya amlodipini yake. Tarehe ya kurudi ilikuwa wiki nne. Alipotaka kuondoka aliuliza mambo mawili ya busara: damu irudiwe lini, na ni dalili gani zimrudishe kabla ya tarehe. Kundi la losatani linaweza kupandisha potasiamu na kugusa figo, ndiyo maana damu hurudiwa baada ya wiki chache. Mwanamke anayeweza kushika mimba lazima aseme kabla ya kupewa dawa za kundi hili.

*Utajua umefaulu* kama kwenye daftari kuna moja kati ya mambo haya: dawa mpya au kipimo kipya, au neno "kusubiri" lenye sababu na tarehe karibu yake.

## Hatua ya 7: Usikubali "afadhali" wiki nne baadaye

Huu ndio mtego wa pili, na huwanasa hata waliofanya vizuri mpaka hapa.

Mama alirudi na wastani mpya wa nyumbani, 139/86. Kutoka 149 ni hatua kubwa. Kila mtu chumbani alifurahi, nami nikiwemo. Hapo ndipo neno "afadhali" huandikwa, na mgonjwa hupangiwa miezi mitatu. Lakini 139/86 nyumbani bado iko juu ya 135/85. Tiba ilikuwa inataka kukwama tena, safari hii kwenye namba nzuri kidogo.

Karatasi yake ya pili ilikuwa na mistari michache: dawa mbili, hakuna alichoruka, wastani 139/86, miguu haijavimba, swali lilelile. Damu yake ilikuwa salama. Daktari akapandisha amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10, akamwonya kwamba miguu inaweza kuvimba jioni, na ikivimba arudi badala ya kuacha dawa kimyakimya. Wiki nne nyingine, wastani ukawa 131/82.

Kama ni wewe na dawa inakuletea kero, kikohozi kikavu cha enalaprili, kwa mfano, au miguu ya amlodipini, ipeleke kero hiyo kliniki. Kuna makundi mengine ya kubadilishia. Ukiacha mwenyewe, namba itapanda na daktari hatajua ni kwa nini.

## Ukigonga ukuta

Ukiwa umefanya hatua zote kwa mahudhurio mawili na hakuna uamuzi wala sababu, anza na muuguzi wa meza ya presha. Mwonyeshe karatasi. Mara nyingi sisi ndio tunaobandika alama kwenye faili na kumwambia daktari, "Huyu ni mara ya tano."

Isipofaa, omba kwa heshima rufaa ya kwenda ngazi ya juu, kutoka zahanati au kituo cha afya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Nenda na karatasi zote.

Rufaa ni ya lazima kama tayari uko kwenye dawa tatu za makundi tofauti, mojawapo ya kutoa maji na chumvi, kwa vipimo vya kutosha, unazimeza zote, na wastani wa nyumbani bado umezidi. Hapo kuna uwezekano wa chanzo kingine: figo, homoni za tezi zilizo juu ya figo, au pumzi inayokatika usingizini kwa mtu anayekoroma sana. Kijana mdogo ambaye presha yake imepanda ghafla naye anahitaji uchunguzi wa aina hiyo.

## Ukishafika kwenye lengo

Huna haja ya kupima kila siku. Rudia wiki moja ya kupima kabla ya kila kliniki, ubandike karatasi mpya juu ya ile ya zamani ndani ya daftari. Wastani ukivuka 135/85 tena, au lengo dogo zaidi ulilopangiwa, rudi kwenye hatua ya 2 kabla ya kufika kwa daktari: dawa ya asubuhi, vidonge vilivyobaki kwenye boksi, na kile kidonge cha goti.